Sista Mzuri Anayechelewa: Namna ya Kuandika Tathmini Yake

"Ni mchapakazi, anapendwa na wagonjwa, ila ajirekebishe kwenye suala la muda." Sentensi ya namna hii imejaa kwenye fomu za tathmini za wauguzi, na aliyeiandika huamini amemaliza kazi. Amesifu, amekosoa kidogo, hakumuudhi mtu. Tatizo linakuja miezi sita baadaye, fomu inapofika mikononi mwa metroni mpya au ya wanaojadili nani apande daraja. Anapendwa kwa lipi? Alichelewa mara ngapi, kwa dakika ngapi, na ilitokea nini wodini kabla hajafika? Fomu haijibu. Kila msomaji atalijaza pengo hilo kwa anavyomjua au anavyomsikia sista mwenyewe, na hapo hatujafanya tathmini, tumeeneza umbea wenye muhuri.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Ni wa kutunga, ila mambo yake ni yale yale ya wodini. Yuko afisa muuguzi katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, Tanzania. Akina mama waliojifungua wanamtafuta kwa jina. Wenzake wa zamu ya usiku nao wanamtafuta kwa jina, ila kwa sababu nyingine: asubuhi wanamsubiri aje kupokea wodi ili waende kulala. Desemba imefika, na muuguzi mfawidhi wa wodi, ambaye wote wanamwita inchaji, anatakiwa kuandika tathmini ya nusu mwaka.

Kwa watumishi wa umma wa Tanzania, jambo hili lina historia yake. Zamani mkuu wa kazi aliandika taarifa ya siri, na mtumishi hakujua amesemwa nini. Mwaka 2004 ukaletwa mfumo wa wazi, OPRAS, ambao kwa Kiswahili ulipewa jina refu na kifupi chake MWAMTUKA. Mtumishi na msimamizi walikubaliana malengo, walikutana katikati ya mwaka na mwishoni, kila mmoja alitoa alama yake, kisha walitafuta alama ya pamoja. Alama zilianzia 1 hadi 5, na aliyefanya vizuri kabisa alipata 1, jambo lililowachanganya wengi waliozoea mitihani ya shule. Sasa kazi hiyo imehamia kwenye mfumo wa kompyuta, PEPMIS. Lakini uwe unajaza karatasi au skrini, ukifika sehemu ya maelezo bado unatakiwa kuandika sentensi, na hakuna mfumo utakaokuandikia sentensi ya haki.

Hatari ya kwanza kwa inchaji wetu ni upendo. Mwaka 1920 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, alieleza jambo aliloliona katika alama ambazo maofisa wa jeshi waliwapa askari wao. Ofisa aliulizwa kuhusu akili ya askari, umbo lake, uongozi wake na tabia yake, kila kimoja peke yake. Alama zilifanana kupita kiasi. Aliyeonekana mzuri kwenye jambo moja alipewa uzuri kwenye yote, kana kwamba sifa moja imeyamulika mengine. Wodini hali ni hiyo hiyo. Ukishamwona sista akimshika mkono mama anayelia, ni vigumu kuandika kwamba jana alifika saa 2:20. Na inatokea kinyume chake pia: inchaji aliyesimama mlangoni akiangalia saa, huku simu ya sista haipokelewi, siku hiyo hataki kusikia habari za huruma yake kwa wagonjwa. Kwa hiyo inchaji mwenye busara hutumia madaftari mawili. Anamaliza kwanza suala la muda, analifunga, kisha siku nyingine analifungua lile la wagonjwa.

Twende na muda. Mtu angedhani ushahidi uko tayari kwenye daftari la mahudhurio. Mfungue uone. Safu nzima ya kufika imeandikwa 1:30, 1:30, 1:30, kutoka juu hadi chini, pengine kwa kalamu moja. Watu huandika saa ambayo zamu inaanza, si saa waliyofika. Anayetaka ukweli anatafuta maandishi ambayo hayakuandikwa kwa ajili ya mahudhurio. Kuna daftari la ripoti, ambamo anayetoka na anayeingia hutia saini wakati wa makabidhiano. Kuna daftari la dawa zinazodhibitiwa, zile za pethidini na mofini, ambazo huhesabiwa na watu wawili kila zamu inapobadilika, kisha funguo za kabati zinahama mikono. Hapo saa huandikwa kwa uangalifu kwa sababu kila mtu anaogopa kuulizwa kichupa kiko wapi. Penye mashine ya alama za vidole, ipo pia. Daftari mbili zikikubaliana, unaandika. Zikipingana, siku hiyo unaiacha.

Inchaji alikaa na rota ya Julai hadi Desemba. Muuguzi huyu alipangiwa zamu 118. Kabla ya kuhesabu lolote, aliondoa zile zisizomhusu: tatu alizobadilishana na mwenzake kwa ruhusa, ingawa rota ilibaki na jina lake, na moja aliyoomba kuchelewa kwa sababu ya msiba. Alijiuliza pia kama ana mtoto mchanga, kwa maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto, na itakuwa aibu kumwandikia mtu kosa kwa haki yake. Hana, mwanawe yuko darasa la pili. Zikabaki zamu 114.

Akaamua kwamba kuchelewa ni kufika zaidi ya dakika kumi baada ya saa ya kuanza, na kanuni hiyo akaitumia kwa wauguzi wote wa wodi, si kwa huyu peke yake. Hapa wasimamizi wengi huteleza. Ukimchunguza mmoja kwa miwani, hutakosa kitu. Kati ya wenzake, aliyechelewa zaidi alikuwa na zamu sita kwa miezi hiyo sita. Muuguzi wetu alikuwa na 29.

Jumla hiyo ingetosha kumaliza ugomvi, lakini inchaji hakuishia hapo, na ndiyo sababu tathmini yake ikawa ya maana. Alizigawa 29 hizo kwa aina ya zamu. Usiku, hakuchelewa hata mara moja katika zamu 26. Mchana, mara mbili katika 30. Zilizobaki, 27, zote ni za asubuhi, katika zamu 58. Karibu nusu ya asubuhi zake! Kisha akatazama miezi. Desemba, shule zilipofungwa, alikuwa na zamu tisa za asubuhi na akachelewa moja tu. Mtu asiyejali kazi huchelewa zamu zote. Huyu anachelewa asubuhi za shule. Takwimu hizo hazimsafishi, ila zinabadilisha kabisa kitakachoandikwa kwenye sehemu ya hatua za kuchukua.

Madhara yanahitaji uangalifu zaidi ya hesabu, kwa sababu hapo ndipo hasira hujificha. Kuna mambo yanayojulikana kwa uhakika: wastani wa kuchelewa kwake asubuhi ni dakika 25, na kwa zamu 27 hizo ni zaidi ya saa 11 ambazo muuguzi wa usiku alikaa wodini baada ya muda wake. Hilo linaandikwa bila wasiwasi. Lakini kuna siku moja ya Oktoba. Mama mmoja aliyekuwa na dalili za kifafa cha mimba alitakiwa kupimwa presha kila baada ya saa nne, na kipimo cha saa 2 asubuhi kikaandikwa saa 3:05. Sista alifika saa 2:20. Mwenzake wa zamu alikuwa na mama mwingine anayetoka damu, hakuweza kuondoka pale. Mkono unawasha kuandika: "Kuchelewa kwake kulihatarisha maisha ya mgonjwa." Lakini tangu sista afike hadi mama apimwe zilipita dakika 45, na daftari linaonyesha sehemu ya muda huo alikuwa akipokea ripoti ya wodi nzima. Kuchelewa kulichangia, upungufu wa watu ulichangia, huenda na mpangilio wa kazi baada ya kufika ulichangia. Haki inataka uandike kilichotokea kwa saa zake, useme presha ya mama haikupanda, na uishie hapo. Jina la mama haliingii kwenye tathmini ya mtumishi, wala namba ya faili lake. Tarehe inatosha, anayestahili kuhakiki atajua pa kutafuta.

Kuna utetezi mmoja ambao hauna budi kutajwa. Sista huyu huchelewa kutoka pia. Mara nyingi hubaki nusu saa baada ya zamu akimfundisha mama wa mtoto wa kwanza kumweka mtoto kwenye ziwa. Wenzake wengine husema basi, dakika zimelipana. Mimi sikubaliani nao. Nusu saa ya alasiri hairudi nyuma ikampokee muuguzi wa usiku saa 1:30 asubuhi. Makabidhiano yana saa yake, na yakikosa mtu mmoja, taarifa hupitia mdomo wa tatu: wa usiku anamwambia aliyepo, aliyepo anamwambia anayekuja, na katikati kitu hudondoka. Lakini kule kubaki ni kweli, na tathmini ya haki inakiandika mahali pake, upande wa huduma kwa wagonjwa, si kama malipo ya deni la asubuhi.

Upande huo nao unahitaji ushahidi, na hapa ndipo wasimamizi huwa wavivu. Wanadhani sifa haihitaji kuthibitishwa kwa kuwa haimuumizi mtu. Inaumiza. Sifa ya jumla ndiyo ya kwanza kutupwa mtu anapotetewa mbele ya kamati. Ukisema "anapendwa", atakayejibu atasema wote wanapendwa.

Mwaka 1963 wanasaikolojia wawili, Patricia Smith na Lorne Kendall, walichapisha kazi waliyoifanya na wauguzi wasimamizi wa wodi. Hawakuwapa wasimamizi maneno mazuri ya kuchagua. Waliwaomba wataje matendo: muuguzi mwenye sifa hii hufanya nini hasa, na asiye nayo hufanya nini? Kisha matendo hayo yakapelekwa kwa wasimamizi wengine, bila kuwaambia yalitajwa kwa sifa ipi, wayarudishe kila moja kwenye sifa yake. Tendo ambalo watu hawakuafikiana mahali pake liliachwa. Jaribio hilo linaweza kufanyika leo kwenye chumba cha chai cha wodi yoyote. Mpe mwenzako sentensi uliyoandika, bila kichwa cha habari, umuulize: hii inaonyesha nini? Akibabaika, sentensi haijasema kitu.

Inchaji alirudi kwenye daftari la ripoti na mafaili. Alipata tukio la Agosti. Mama aliyefiwa na mtoto tumboni aliletwa wodini usiku na kulazwa katikati ya akina mama wenye watoto. Zamu iliyofuata ilikuwa ya sista huyu. Alimhamishia kitanda cha mwisho kando ya dirisha, akavuta pazia, na kwenye ripoti ya zamu akaandika kwa wino mwekundu, ili kila atakayeingia asome kabla hajamfikia, kwamba asiulizwe mtoto yuko wapi. Zamu mbili zilizofuata nazo ziliinakili alama hiyo. Tukio la pili ni la mama wa upasuaji aliyetaka kuondoka siku ya pili, kinyume cha ushauri wa daktari. Wengine walikuwa wameshamletea karatasi ya kusaini kwamba ameondoka kwa hiari. Sista alikaa pembeni mwa kitanda, akagundua kwamba mama ana mtoto wa miaka minne aliyeachwa kwa jirani asiyemwamini. Akapiga simu, shangazi akapatikana, mama akabaki hadi siku ya nne. Yote hayo yamo kwenye faili, kwa mwandiko wa sista mwenyewe na saini ya daktari.

Kadi za sanduku la maoni zilimtaja mara tisa kwa wema. Inchaji aliziweka, ila hakuzitegemea. Anayeandika kadi ni mtu anayejua kuandika, aliyepona, na aliyepata kalamu. Kwa hiyo siku mbili tofauti alisimama wodini akimtazama akiwaruhusu akina mama kwenda nyumbani: je, anaeleza dalili za hatari, na je, anamwomba mama azirudie kwa maneno yake? Mara zote alifanya hivyo, hata kwa bibi aliyekuja kumchukua mkwewe, ambaye alimwita "mama" na kumwelezea upya kwa Kisukuma. Hicho ni kitu cha kuandika.

Kabla ya kuandika palibaki jambo moja, nalo ni zito kuliko takwimu: je, aliwahi kuambiwa? Tathmini haipaswi kuwa mahali ambapo mtu anasikia kosa lake kwa mara ya kwanza. Inchaji alikuwa amemwita mara moja, Septemba, na akaandika mistari mitatu kwenye daftari lake la usimamizi. Kati ya Septemba na Desemba hakumwita tena, ingawa hali haikubadilika hadi shule zilipofungwa. Hilo nalo liliingia kwenye tathmini. Msimamizi anayekaa kimya miezi mitatu halafu anashangaa kwenye fomu ana sehemu yake.

Walipokutana, mazungumzo hayakuwa marefu.

"Sista, karibu ukae. Nimehesabu asubuhi zako. Nataka uzione kabla sijaandika."

Sista aliisoma karatasi yote. "Inchaji, usiku hujaniandikia hata moja."

"Hazipo. Ndiyo maana nakuuliza asubuhi kuna nini."

Gari la shule lilifutwa Julai. Anampeleka mtoto mwenyewe kwa daladala, geti la shule linafunguliwa saa 1:15, na hakuna mtu wa kumwachia. Hakuwahi kusema kwa sababu aliogopa kuonekana anataka upendeleo kwenye rota. Inchaji hakumwambia kwamba basi yameisha. Alimuuliza ni nani mwingine nyumbani, kisha wakaandika pamoja.

Maelezo yaliyoingia kwenye tathmini yalisomeka hivi:

"Katika zamu 114 za Julai hadi Desemba zilizohakikiwa kwa daftari la ripoti na daftari la dawa zinazodhibitiwa, alichelewa zaidi ya dakika kumi katika zamu 29: asubuhi 27 kati ya 58, mchana 2 kati ya 30, usiku hakuna. Wastani wa kuchelewa asubuhi ni dakika 25. Katika zamu hizo muuguzi wa usiku alibaki wodini hadi alipofika. Tarehe moja ya Oktoba kipimo cha presha cha saa 2 kilifanyika saa 3:05. Siku hiyo alifika saa 2:20, na mwenzake wa zamu alikuwa akihudumia dharura. Hali ya mgonjwa haikubadilika. Alizungumziwa Septemba; hapakuwa na ufuatiliaji wa msimamizi hadi Desemba. Ameeleza sababu ya usafiri wa mtoto kwenda shule, na mahudhurio ya Desemba yanakubaliana na maelezo hayo."

Na aya ya pili, iliyoanza mstari mpya na haikutaja muda hata kidogo:

"Katika kuwahudumia wagonjwa anafanya zaidi ya kiwango cha wodi. Agosti alipanga upya kitanda na ripoti ili kumkinga mama aliyefiwa na mtoto asiulizwe maswali ya kumuumiza. Alimbakiza wodini hadi siku ya nne mama wa upasuaji aliyetaka kuondoka mapema, kwa kutafuta na kutatua sababu yake. Katika ruhusa zilizoshuhudiwa, kila mara aliwaomba akina mama warudie dalili za hatari kwa maneno yao. Hubaki mara kwa mara baada ya zamu kufundisha unyonyeshaji."

Alama zilitolewa kila moja peke yake: ya juu kabisa kwenye kuwajali wateja, ya chini ya wastani kwenye muda. Haikupatikana alama ya tatu katikati yake. Ingekuwa namba isiyomhusu mtu yeyote, kwa kuwa hakuna wodi ambayo muuguzi wa wastani huyu anaonekana.

Hatua zilizokubaliwa zilikuwa na mipaka. Kwa miezi mitatu atapewa zamu nyingi zaidi za mchana na usiku, kwa sharti wenzake wawili waliokubali kubadilishana naye wasiongezewe zamu za Jumapili kwa ajili hiyo. Zamu za asubuhi zitakazobaki atafika kabla ya saa 1:30, na akikwama atampigia inchaji kabla ya saa 1:00. Kuchelewa zaidi ya mara mbili kwa mwezi kutapelekwa kwa metroni kwa maandishi. Inchaji atapitia daftari la dawa zinazodhibitiwa kila Ijumaa na kumwonyesha sista anachokiona, wiki hiyo hiyo. Sista aliongeza kwenye sehemu yake kwamba dada yake atahamia kwake Februari na atampeleka mtoto, kisha akaomba jambo moja: kwamba siku ya Oktoba iandikwe pia idadi ya wauguzi waliokuwa zamu. Inchaji alikwenda kuangalia rota, akarudi, akaandika: wawili kwa vitanda 24. Wote wakatia saini, nakala moja ikabaki na sista, na kikao cha mapitio kikawekwa wiki ya mwisho ya Machi.